Nadharia ya kubana kwenye mifuatano yenye saini, kosaini na faktoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo wanafunzi wangu hurudi nayo kila muhula, mengi yakiwa yametokana na hesabu waliyodhani wameiweza hadi karatasi iliporudi na alama nyekundu. Sikuyapanga kuanzia rahisi hadi gumu. Yamefuatana jinsi yanavyozaana: ukijibu moja, linalofuata linajileta lenyewe.

Nadharia yenyewe inasema nini?

Chukua mifuatano mitatu, aₙ, bₙ na cₙ. Ikiwa kuanzia namba fulani N na kuendelea tunajua kwamba aₙ ≤ bₙ ≤ cₙ, na aₙ na cₙ zote mbili zinaelekea kikomo kimoja L, basi bₙ haina pa kutorokea. Nayo inaelekea L. Hapa nitaita aₙ ukuta wa chini na cₙ ukuta wa juu.

Wafaransa, Waitaliano na Warusi huieleza kwa mfano wa askari wawili waliomweka mtuhumiwa katikati: askari wakiingia kituoni, naye ameingia. Naupenda mfano huo, ila unawapotosha watu kwa jambo moja. Unawafanya wadhani askari lazima wambane mtuhumiwa bega kwa bega njia nzima. Wanaweza kutembea naye kwa mbali sana, almuradi mwisho wa safari wote wawili wanapita mlango mmoja. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inatokana na jambo hilo: ukiujua mlango, unajua ni wapi unaweza kulegeza na wapi huwezi.

Kwa nini sin n / n inakubali kuta za −1 na 1, lakini n·sin(1/n) inazikataa?

Kwa sababu saini hizo mbili hazifanyi kazi moja.

Kwenye sin n / n, pembe inakua bila mwisho, na saini inapanda na kushuka kati ya −1 na 1 bila kutulia. Hatujui itakuwa wapi, wala hatuhitaji kujua. Anayefanya kazi ni n iliyo chini. Tunaandika −1/n ≤ sin n / n ≤ 1/n, kuta zote zinaelekea 0, na hesabu imekwisha. Hata ukiniwekea sin(n!) au sin(n² + 5) mahali pa sin n, jibu halibadiliki hata kidogo, maana hatukutumia chochote kuhusu kilichomo ndani ya saini.

Kwenye n·sin(1/n), pembe yenyewe inapungua kuelekea 0, na saini inapungua pamoja nayo. Nje kuna n inayokua. Hawa wawili wanavutana, na jibu linategemea nani anavuta kwa kasi gani. Ukiweka −1 na 1 unapata −n ≤ n·sin(1/n) ≤ n. Ni kweli kabisa, ila ukuta mmoja umekwenda chini bila mwisho na mwingine juu bila mwisho. Umetupa habari pekee uliyokuwa unaihitaji, yaani kwamba saini ya pembe ndogo ni ndogo karibu sawasawa na pembe yenyewe.

Habari hiyo ina kuta zake. Kwa x ≥ 0:

x − x³/6 ≤ sin x ≤ x

Zinapatikana kwa kukokotoa eneo chini ya mchoro, hatua kwa hatua. Anza na cos t ≤ 1. Eneo kutoka 0 hadi x linakupa sin x ≤ x. Kokotoa eneo tena, unapata 1 − cos x ≤ x²/2, yaani cos x ≥ 1 − x²/2. Mara ya tatu, unapata sin x ≥ x − x³/6. Sasa weka x = 1/n na uzidishe kwa n:

1 − 1/(6n²) ≤ n·sin(1/n) ≤ 1

Kikomo ni 1. Tazama kuta hizi zilivyo karibu: kwa n = 10, thamani ni 0.9983342 na ukuta wa chini ni 0.9983333. Kabla ya kuandika −1 na 1, kwa hiyo, angalia kwanza pembe. Ikiwa inatangatanga, −1 na 1 zinatosha au hakuna kitakachotosha. Ikiwa inaelekea 0, tumia x na x − x³/6.

Saini iko juu na kosaini iko chini ya sehemu. Naweka nini wapi?

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na ubaya wake ni kwamba jibu la mwisho huwa sahihi. Tuchukue:

bₙ = (2n + sin n) / (3n − cos n)

Mwanafunzi anajiambia, "Kwa ukuta wa chini nitaweka thamani ndogo kabisa kila mahali." Juu anaandika 2n − 1. Chini pia anaandika ndogo kabisa, 3n − 1. Anapata (2n − 1)/(3n − 1), inaelekea 2/3, na anafurahi.

Hebu tuijaribu kwa n = 11. Pembe ya 11 iko jirani kabisa na 7π/2, kwa hiyo sin 11 ni karibu −1 na cos 11 ni karibu 0.004. Thamani ya b₁₁ ni 21.00/32.9956, yaani 0.6364. "Ukuta wa chini" wa mwanafunzi wetu ni 21/32, yaani 0.6563. Ukuta wa chini uko juu ya mfuatano! Kauli yake ni ya uongo, na kutoka kwenye kauli ya uongo hakuna uthibitisho, hata kama 2/3 ndilo jibu.

Sehemu yenye namba chanya juu na chini inapungua unapopunguza kiasi au unapoongeza asili. Kwa ukuta wa chini, basi, kiasi kiwe kidogo kabisa na asili iwe kubwa kabisa. Kwa ukuta wa juu, kinyume chake:

(2n − 1)/(3n + 1) ≤ bₙ ≤ (2n + 1)/(3n − 1)

Kwa n = 11 kuta hizi ni 0.6176 na 0.7188, na 0.6364 imekaa ndani vizuri. Zote mbili zinaelekea 2/3.

Mimi mwenyewe nisingepita njia hii. Ningegawa juu na chini kwa n, nikapata (2 + sin n/n)/(3 − cos n/n), kisha nikatumia kubana kwenye vile vipande viwili vidogo tu, ambavyo vyote huenda 0. Vilivyobaki ni sheria za kawaida za vikomo. Kubana sehemu ndogo ni salama kuliko kubana kitu kizima.

Je, naweza kuzidisha −1 ≤ sin n ≤ 1 kwa cos n?

Hapana. Cos n ikiwa hasi, alama zinageuka. Kwa n = 2 ungekuwa unadai kwamba 0.416 ≤ −0.378. Tumia ukubwa bila alama: |sin n · cos n| ≤ 1, kisha endelea na −|bₙ| ≤ bₙ ≤ |bₙ|. Njia hii inafaa pia kila unapoona (−1)ⁿ, lakini inafanya kazi pale tu |bₙ| inapokwenda 0. Ikiwa kikomo unachokishuku ni L kisicho 0, bana |bₙ − L|.

Kwa n!/nⁿ, ukuta wa juu unatoka wapi? Mwalimu aliandika 1/n kana kwamba ameokota.

Hakuokota. Andika faktoria kwa urefu wake, na uigawie kila namba n yake:

n!/nⁿ = (1/n)·(2/n)·(3/n)· … ·(n/n)

Kuna sehemu n zinazozidishwa. Kila moja ni chanya na haizidi 1. Ukiibadilisha sehemu yoyote kati ya hizo kwa 1, zao linaongezeka au linabaki lilivyo, halipungui. Kwa hiyo una ruhusa ya kuzitupa kwa kuziita 1. Swali ni utupe ngapi.

Ukizitupa zote, ukuta ni 1. Ni kweli lakini hauna kazi, kwa sababu mlango wetu ni 0. Ukibakiza moja, ile ndogo kuliko zote, ukuta ni 1/n:

0 < n!/nⁿ ≤ 1/n

Huo unakwenda 0, na kazi imekwisha. Siri ya 1/n ni hiyo tu: umelegeza kila mahali isipokuwa pale ambapo kulegeza kungeharibu kikomo.

Umelegeza kiasi gani? Kwa n = 5, mfuatano ni 0.0384 na ukuta ni 0.2. Kwa n = 10, mfuatano ni 0.00036 na ukuta ni 0.1, zaidi ya mara 270 ya kinachobanwa. Ukiulizwa ni lini mfuatano utashuka chini ya 0.001, ukuta utakuambia subiri n ipite 1000, ilhali ukweli ni kwamba kwa n = 9 tayari umeshashuka. Kama swali ni kikomo tu, tofauti hii haikuhusu. Kama swali ni makosa ya ukokotoaji, inakuhusu sana.

Nitajuaje kwamba ukuta wangu umelegea mno?

Dalili ni mbili. Kuta zinaelekea sehemu mbili tofauti, au mmoja unakwenda bila mwisho. Hapo nadharia haisemi lolote: haisemi kikomo hakipo, wala haisemi kipo. Inakurudisha ukatafute kuta nyingine.

Tuseme swali limebadilika kidogo na kuwa n³·n!/nⁿ. Ukileta ule ukuta wa 1/n, unapata n², na hiyo inakua. Rudi kwenye zao refu, ubakize sehemu nne za mwanzo badala ya moja: (1·2·3·4)/n⁴ = 24/n⁴. Zidisha kwa n³, ukuta ni 24/n, unakwenda 0. Kwa nᵏ yoyote, bakiza sehemu k + 1. Unalipa kadiri unavyodaiwa.

Sasa gumu zaidi: 2ⁿ·n!/nⁿ. Hapa idadi yoyote iliyowekwa ya sehemu haitoshi, kwa kuwa 2ⁿ inashinda nᵏ ya aina yoyote. Wazo la pili linalomjia kila mtu ni kubakiza nusu ya sehemu: zile za mwanzo, hadi katikati, kila moja haizidi 1/2, kwa hiyo zao halizidi (1/2) kwa kipeo cha karibu n/2. Ni wazo zuri, na linatosha kwa maswali mengi, lakini hapa linaacha 2 kwa kipeo cha n/2, ambayo inakua. Bado tumelegea.

Inabidi tuzipime sehemu zote, na hapo ndipo e inapoingia. Kuta zenyewe ni hizi:

(n/e)ⁿ ≤ n! ≤ e·n·(n/e)ⁿ

Wa chini ni wa mstari mmoja. Katika mfululizo eⁿ = 1 + n + n²/2! + …, kila kipengele ni chanya, na kimojawapo ni nⁿ/n!. Basi eⁿ ≥ nⁿ/n!, ukigeuza unapata ukuta. Wa juu unahitaji kujua kwamba (1 + 1/k)ᵏ⁺¹ ≥ e kwa kila k. Zidisha kauli hiyo kwa k = 1, 2, …, n − 1. Upande wa kushoto karibu kila kitu kinakatana na kinabaki nⁿ/(n − 1)!, upande wa kulia kinabaki e kwa kipeo cha n − 1. Panga upya, umepata ukuta wa juu. Nashauri ulifanye zao hilo kwa mkono, kwa n = 4, uone namba zinavyokatana; ukilisoma tu halikai kichwani.

Sasa 2ⁿ·n!/nⁿ ≤ e·n·(2/e)ⁿ. Kwa kuwa 2/e ni karibu 0.736, kipeo cha n kinaishinda n iliyo mbele na ukuta unakwenda 0. Ukiweka 3 mahali pa 2, ukuta wa chini unakupa (3/e)ⁿ, inayokua bila mwisho. Kwa hiyo mpaka uko kwenye e yenyewe, 2.718…, na kuta zote za awali zilikuwa butu mno kuuona. (Kanuni ya Stirling ya 1730 inaupima vizuri zaidi, kwamba n! inakaribiana na √(2πn)·(n/e)ⁿ, lakini kwa kubana hatuhitaji usahihi huo.)

Kuta hizohizo zinatoa zawadi. Chukua kipeuo cha n pande zote na ugawe kwa n: kipeuo cha n cha n!, kikigawanywa kwa n, kimebanwa kati ya 1/e na (1/e) mara kipeuo cha n cha e·n. Kipeuo hicho kinaelekea 1, kwa hiyo kikomo ni 1/e, karibu 0.3679. Kwa n = 10 thamani ni 0.4529, kwa n = 100 ni 0.3799. Inashuka polepole, kama mtu asiye na haraka.

Nimekokotoa 100ⁿ/n! kwa n kutoka 1 hadi 50 na inapaa. Vipi kitabu kinasema kikomo ni 0?

Kwa sababu umesimama kabla ya kilele. Andika zao: (100/1)·(100/2)·(100/3)· … Hadi n = 99 kila sehemu mpya inazidi 1, kwa hiyo mfuatano unapanda. Kwenye n = 100 sehemu mpya ni 1 kamili, na thamani imefika karibu 1.07 × 10⁴². Baada ya hapo kila sehemu mpya ni chini ya 1 na mteremko unaanza.

Sasa ule msemo wa "kuanzia namba fulani N" unapata kazi yake. Chagua N = 200. Zao la sehemu 200 za mwanzo ni namba moja isiyobadilika, tuiite C. Ni kubwa, karibu 1.27 × 10²⁵, lakini haitegemei n. Kila sehemu inayofuata haizidi 100/200 = 1/2. Kwa n > 200:

0 < 100ⁿ/n! ≤ C·(1/2)ⁿ⁻²⁰⁰

na ukuta huo unakwenda 0. Kwa nini 200 na si 101? Ukianzia 101, uwiano unaoweza kuutegemea ni 100/101, na ukuta unashuka kwa kujikokota, ingawa ungefaa vilevile. Ukianzia mara mbili ya namba yako unapata 1/2, safi na rahisi kuandika. Hakuna N iliyo sahihi pekee yake. Mtu akitumia 1000, amethibitisha sawa na wewe.

Saini ikiwa kwenye asili, mfano 1/(n·sin n), nafanyaje?

Unaanza kwa kuogopa. Kauli ya |sin n| ≤ 1, ukiigeuza, inakupa 1/|sin n| ≥ 1, yaani ukuta wa chini wa ukubwa, na wa juu haupo. Ili uwe na ukuta wa juu ungehitaji |sin n| isiwe ndogo sana, na hilo halina dhamana. Saini ya namba kamili haifiki 0 kamwe kwa n ≥ 1, ila inaikaribia kila n inapoikaribia zao la π.

Tazama 22 na 355. Sehemu 22/7 na 355/113 ni makadirio maarufu ya π, kwa hiyo 22 iko karibu na 7π na 355 iko karibu mno na 113π. Sin 22 ni karibu −0.00885, na sin 355 ni karibu −0.0000301. Thamani za 1/(n·sin n) hapo ni karibu −5.1 na −93.4. Anayeangalia n kutoka 1 hadi 20 atasema mfuatano unakwenda 0, na atakuwa amedanganywa.

Na si ajali ya namba mbili. Zipo sehemu n/k zisizo na idadi ambazo zinakaa umbali wa chini ya 1/k² kutoka π. Kwa kila moja, n iko umbali wa chini ya 1/k kutoka kπ, kwa hiyo |sin n| < 1/k, na n·|sin n| < n/k < 5. Ukubwa wa kipengele hicho unazidi 1/5. Upande mwingine, ziko n zisizo na idadi zenye |sin n| ≥ 1/2, na kwenye hizo ukubwa hauzidi 2/n. Mfuatano mmoja, mara kwa mara unarudi juu ya 1/5, mara kwa mara unashuka jirani na 0. Kikomo hakipo, na hakuna kuta zitakazokileta.

Faktoria ikiwa ndani ya saini, kuna lolote la kusema zaidi ya −1 na 1?

Kwa kawaida hakuna. Sin(n!)/n inabanwa kama sin n / n, na sin(n!) peke yake sijaribu hata kuigusa. Lakini kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinakutanisha kila kitu kilichotangulia:

bₙ = n·sin(2π·e·n!)

Pembe inakua kwa kasi ya kutisha. Ukifuata kanuni niliyotoa mwanzoni utasema inatangatanga. Subiri kidogo. Saini haijali mizunguko mizima ya 2π. Inajali tu kile kipande cha e·n! kinachobaki baada ya kuondoa namba kamili. Na e·n! tunaweza kuifungua, kwa kuwa e = 1 + 1/1! + 1/2! + 1/3! + …

Ukizidisha kwa n!, vipengele vyote hadi 1/n! vinageuka namba kamili. Kinachobaki ni:

rₙ = 1/(n+1) + 1/((n+1)(n+2)) + 1/((n+1)(n+2)(n+3)) + …

Hii sasa tuibane. Kutoka chini ni rahisi: kipengele cha kwanza peke yake ni 1/(n+1), na vilivyobaki ni chanya. Kutoka juu, badilisha kila n+2, n+3 na kuendelea kwa n+1, ili asili zipungue na sehemu ziongezeke. Unapata mfululizo wenye uwiano 1/(n+1), na jumla yake ni 1/n kamili. Kwa hiyo 1/(n+1) < rₙ < 1/n. Tujaribu: e·5! ni 326.1938, kipande kinachobaki ni 0.1938, na kweli kimekaa kati ya 1/6 na 1/5.

Pembe iliyoonekana kutangatanga kumbe ni 2π·rₙ, inayoelekea 0. Turudi basi kwenye x − x³/6 ≤ sin x ≤ x, tukiweka x = 2π·rₙ na kuzidisha kwa n. Upande wa juu, n·2π·rₙ < 2π. Upande wa chini, n·2π·rₙ inazidi 2π·n/(n+1), na kile kinachotolewa hakizidi (2π)³/(6n²), karibu 41.34/n²:

2π·n/(n+1) − 41.34/n² ≤ bₙ ≤ 2π

Kikomo ni 2π. Kwa n = 10, kuta ni 5.30 na 6.28, na thamani ni 5.83.

Onyo kwa atakayetaka kuihakikisha kwa kompyuta:

```python
from math import sin, pi, e, factorial
for n in (5, 10, 18):
    print(n, n * sin(2 * pi * e * factorial(n)))
```

Mistari miwili ya kwanza itakubaliana nasi. Wa tatu usiuamini. Namba za kawaida za desimali kwenye kompyuta hubeba biti 53, na e·18! ni karibu 1.74 × 10¹⁶, imeshapita 2⁵³. Kipande rₙ, ambacho ndicho pekee saini ilichokihitaji, hakimo tena ndani ya namba hiyo. Hata kwa n = 17 kosa lililomo kwenye e yenyewe, likizidishwa kwa 17!, linakaribia ukubwa wa rₙ. Ukitaka n kubwa zaidi, usikokotoe e·n! kabisa, jumlisha vipengele vitano au sita vya rₙ moja kwa moja, kisha uchukue saini ya 2π·rₙ.